Idadi ya tiketi inasema A amezidiwa, saa zinasema C. Nimwamini nani?

Mratibu_Sinza

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwanga kutoka kwa mnaosimamia timu kwa Jira, au hata kwa Eksel ya kawaida.

Nina timu ya watu 6, tunajenga mfumo wa mikopo na marejesho wa SACCOS. Sprinti yetu ni siku 10 za kazi na mpya inaanza Jumatatu. Bosi kaangalia dashibodi, kaona mmoja ana tiketi 14 na mwingine 5, kaniagiza nihamishe nne kutoka kwa wa kwanza nimpe wa pili ili mzigo ulingane. Kabla sijagusa kitu nikajumlisha na makadirio ya saa ya kila mtu. Majina nimeyaficha:

A: tiketi 14, saa 31
B: tiketi 9, saa 58
C: tiketi 5, saa 66
D: tiketi 11, saa 22
E: tiketi 7, saa 40
F: tiketi 8, saa 44

Kwa idadi, A ndiye kabeba mno. Kwa saa, ni C, yuleyule ambaye bosi anataka aongezewe. Na D ananichanganya zaidi: ana saa chache kuliko wote, lakini ndiye anayetoka ofisini wa mwisho na kazi zake huvuka sprinti kila mara. Nifuate kipimo kipi?

fundi_tiketi

Mkuu, fuata saa, idadi achana nayo. Tiketi moja inaweza kuwa kubadilisha rangi ya kitufe na nyingine ikawa kujenga hesabu nzima ya riba. Jumla yako ni saa 261. Gawanya kwa 6 unapata 43.5. Aliye juu ya hapo kazidiwa: B, C, na F kwa nusu saa tu. Aliye chini ana nafasi: A na D, na E kidogo. Toa kwa C na B, mpe D. Umemaliza.

Afisa_Utumishi

Mimi nimekaa idara ya utumishi muda mrefu, nikuambie ukweli. Huyo D ana saa 22 kwa wiki mbili halafu anachelewa kumaliza? Huyo ni wa kukalishwa chini na kupewa barua. Hapo tatizo ni nidhamu, mambo ya mzigo ni kisingizio. Kukaa ofisini mpaka usiku si kufanya kazi.

Bi_Mizani

Afisa, shikamoo, lakini mwenye uzi hajauliza nani mvivu. Kauliza nani kapangiwa kuliko muda alionao, na kwa takwimu alizoleta hilo bado halijulikani. Tafadhali barua isiandikwe kwa kutumia jedwali hili.

Ndugu Fundi, ni kweli idadi peke yake inadanganya. Ila wastani wa 43.5 nao unachukulia kwamba watu wote 6 wana muda sawa na kwamba kila tiketi imekadiriwa. Sijaona timu ya namna hiyo.

Mratibu, kabla hujahamisha hata tiketi moja naomba majibu matatu. Kwanza, hizo saa ni za makadirio ya mwanzo au zilizobaki? Kama baadhi ya kazi zimetoka sprinti iliyopita zikiwa nusu, ya mwanzo itamwonea mtu. Pili, kila mtu ana tiketi ngapi ambazo hazina makadirio kabisa? Tatu, kila mmoja ana siku ngapi za kweli katika sprinti hii, ukitoa likizo, zamu na miradi mingine?

Swali la pili ndilo ninaloliogopa zaidi. Ukijumlisha safu ya saa, tiketi isiyo na makadirio inaingia kama sifuri. Haikupi onyo lolote, inapita kimya. Kwa hiyo mtu mwenye tiketi nyingi tupu anaonekana mwepesi, na mara nyingi ndiye aliyebanwa hata muda wa kukadiria hana.

Mratibu_Sinza

Dada Mizani, asante sana. Nimetumia safu ya saa zilizobaki, na watu wetu wanaandika saa kila jioni, kwa hiyo inashuka kadiri kazi inavyokwenda. Hayo mengine nayafuatilia kesho asubuhi. Hizo tupu nizipateje haraka?

Bi_Mizani

Kama wanaandika kila jioni, uko vizuri. Kwenye timu ambayo hakuna anayeandika, safu ya zilizobaki hukaa palepale kama ilivyoanza, hata kazi ikiwa imebakiza dakika kumi.

Kuzipata, tafuta hivi, weka jina la kundi lenu:

```
assignee in membersOf("timu-mikopo") AND sprint in openSprints()
AND statusCategory != Done AND remainingEstimate is EMPTY
```

Sprinti ikiwa bado haijaanzishwa, weka `futureSprints()` badala ya `openSprints()`. Kisha toa tena orodha yote bila hilo sharti la mwisho, ishushe kama CSV, ufanye hesabu kwenye jedwali. Karatasi ya CSV iite Kazi, jina la mtu likiwa safu B na saa safu C, na A2 ikiwa jina la mtu kwenye karatasi yako ya hesabu:

```
=COUNTIFS(Kazi!B:B, A2)
=SUMIFS(Kazi!C:C, Kazi!B:B, A2)/3600
=COUNTIFS(Kazi!B:B, A2, Kazi!C:C, "")
```

Hiyo 3600 ni kwa sababu faili hilo linatoa muda kwa sekunde. Ukiona mtu ana 28800, hiyo ni saa 8. Na chukua safu ya `Remaining Estimate`, usichukue ile yenye alama ya Σ mbele. Yenye Σ inabeba tayari saa za tiketi ndogo zilizo chini ya tiketi mama, na kwa kuwa tiketi ndogo zenyewe nazo zimo kwenye orodha, utazihesabu mara mbili.

Mhandisi_Mwanza

Mimi niko kwenye ujenzi, natumia Microsoft Project, sijui Jira. Ila jambo hili nimeliishi. Kule mtu akizidishiwa programu inamwekea alama nyekundu yenyewe, na sababu si jumla ya wiki. Nilikuwa na mpima ardhi ambaye jumla yake ya wiki ilikuwa saa 32, chini ya 40, lakini alama haitoki. Kumbe Jumanne nilimpangia kupima msingi kwa asilimia 100 na pia kuhakiki barabara ya kuingilia kwa asilimia 100. Siku moja saa 16, siku nyingine anakaa.

Ninachosema ni kwamba jumla ya siku 10 inaweza kuwa sawa na mtu akawa amezidiwa kwa siku tatu za katikati. Umeangalia kazi gani inasubiri nyingine?

fundi_tiketi

Mhandisi, kwenye programu hatupangi kwa siku. Mtu anachukua tiketi inayofuata akimaliza aliyonayo. Huko kwenu zege linasubiri, huku halisubiri. Kwa hizo tupu sawa, nimekubali, azijaze kwa wastani wa timu. Tiketi zilizokadiriwa zina wastani wa saa 6 hivi. Ajaze 6 kila penye tupu, mchezo umeisha.

Mratibu_Sinza

Nimerudi na majibu, na mengine yamenishangaza.

Tiketi zisizo na makadirio ni 10: A moja, E moja, F mbili, D sita. B na C hawana. Yaani zile saa 22 za D zinatoka kwenye tiketi 5 tu. Hizo sita ni malalamiko ya wateja yaliyoingia katikati ya sprinti baada ya kikao cha kupanga, kwa hiyo hakuna aliyekaa kuzikadiria.

Kuhusu siku: A, B na C wapo siku zote 10. D ana zamu ya kupokea simu za SACCOS, inamla kama saa 2 kila siku. E anaanza likizo siku ya 7, kwa hiyo ana siku 6. Na F nilimuuliza mara mbili nikidhani sijamsikia vizuri: nusu ya muda wake yuko kwenye mradi wa kampuni dada, na tiketi za huko hazimo kwenye orodha yangu kabisa kwa sababu dashibodi yetu inachuja mradi mmoja.

Bi_Mizani

Sasa tunaweza kuhesabu.

Kwanza muda. Usimpe mtu saa 8 kwa siku. Jira ukiiachia ilivyo inahesabu siku moja ni saa 8 na wiki ni 40, lakini hiyo ni siku ya ofisi yenye vikao na barua pepe na kusaidia wenzake ndani yake. Angalia saa ambazo watu wako waliandika kwenye tiketi katika sprinti zilizopita, ugawe kwa siku walizokuwepo. Nakuwekea 6 hapa, wewe badilisha ukipata yako. A, B na C wanakuwa na saa 60 kila mmoja. D anabaki na 4 kwa siku, yaani 40. E ana siku 6, yaani 36. F ana nusu, 30.

Pili tupu. Ndugu Fundi, kujaza 6 kila mahali kunampa A kazi kubwa kuliko zake zote na kunafanya makisio yaonekane kama ukweli. Mimi huanza na wastani wa mtu mwenyewe, kwa sababu watu huwa na aina ya kazi zao. A wastani wake ni saa 2.4, D ni 4.4, E 6.7, F 7.3. Kanuni kwenye jedwali, B ikiwa idadi, C saa, D tupu, E siku, F saa kwa siku:

```
=(C2 + D2*C2/(B2-D2)) / (E2*F2)
```

Inatoka hivi: A asilimia 56, B 97, C 110, D 121, E 130, F 196.

Tazama F. Kwenye jedwali lako la kwanza alikuwa katikati kwa idadi na katikati kwa saa, hakuna aliyemtaja isipokuwa Fundi kwa nusu saa. Ndiye amebeba karibu mara mbili ya muda wake. Na D ambaye Afisa alitaka apewe barua anazidi kwa moja ya tano, na hapo nimezikisia zile sita kwa upole. Ukizijaza kwa wastani wa Fundi, D anafika asilimia 145. Ukweli uko mahali fulani kati ya hizo mbili, au juu zaidi, maana lalamiko la mteja ambalo hakuna aliyelichunguza huwezi kujua lina nini ndani.

Jambo moja tena, mpelekee bosi wako hili kabla ya mengine. Jumla ya muda wa timu ni saa 286. Jumla ya kazi pamoja na makisio ya tupu ni kama saa 311. Hata ukihamisha kwa ustadi namna gani, saa 25 hazina mtu. Hizo zitoke kwenye sprinti.

Afisa_Utumishi

Dada Mizani, nimesoma na nimeelewa. Kuhusu D naondoa neno langu. Lakini swali langu la kiutumishi linabaki: F yuko kwenye miradi miwili, nani ana mamlaka ya kusema basi? Kwa uzoefu wangu kila msimamizi anaamini nusu yake ndiyo kubwa.

Sebene_la_Data

Nimekuwa F huyo. Kila upande walikuwa wanaona tiketi 4 au 5, kila upande wananiona nina nafasi. Kilichonisaidia ni kumwomba msimamizi mmoja atafute tiketi zangu bila kuweka jina la mradi, kisha akamtumia mwenzake orodha hiyohiyo. Ila mjue kama mradi mwingine uko kwenye Trello au kwenye daftari la mtu, hakuna utafutaji utakaouona. Mwulize mtu mwenyewe.

fundi_tiketi

Sawa, F na D nakubali. Kwa hiyo A ana nafasi ya saa 26, tumrushie zote anazozidi F. Hapo mnanibishia nini?

Bi_Mizani

Hapo ndipo idadi inaporudi kuwa na kazi. Gawanya saa kwa tiketi: C ana saa 13 kwa tiketi, A ana 2.4. Zote mbili zinaniambia niulize kabla ya kuamini.

Kwa A, tiketi 14 ndogo maana yake ni mara 14 kusoma, kujaribu, kutuma, kusubiri mtu aangalie, kurudi. Muda huo mara nyingi haumo kwenye makadirio ya saa 2. Chukua tiketi zake zilizokwisha, linganisha saa alizoandika na makadirio ya mwanzo. Kama zinakaribiana, nafasi yake ni ya kweli. Kama saa zilizotumika zimezidi kwa nusu, ile 56 inapanda kuelekea 85.

Kwa C, saa 66 kwa tiketi 5 inanifanya nishuku kuna moja kubwa ambayo haijavunjwa.

Mratibu_Sinza

Dada, umeipiga penyewe. C ana tiketi moja ya saa 40. Nimemuuliza, aliandika `1w`, akimaanisha "kama wiki hivi". Ni ile ya kuunganisha marejesho kwa simu. Amekaa nayo leo akaivunja vipande vinne na jumla imebaki kama 40, kwa hiyo makisio yake hayakuwa mabaya.

Kilichonigusa ni swali la Mhandisi. E ana tiketi ya saa 16 ya ripoti za marejesho ambayo haiwezi kuanza mpaka hiyo ya C iishe. C akiifanya hiyo tu, kwa saa 6 kwa siku, anaimaliza siku ya 7. Siku ya 7 E yuko likizo. Tiketi hiyo ilikuwa imepangwa kwenye sprinti hii bila njia yoyote ya kufanyika.

Mhandisi_Mwanza

Ndiyo hiyo. Sasa ukiitoa, E anakuwaje?

Mratibu_Sinza

Anashuka kutoka 130 hadi 85, na ile 25 ya ziada ya timu inabaki kama 9.

Kuhusu A, nimelinganisha tiketi zake zilizokwisha. Makadirio na saa alizotumia yanafanana sana. Lakini nimegundua kitu kingine: karibu kila tiketi ya timu inapita kwake kukaguliwa msimbo kabla haijafungwa, na kwa kuwa jina kwenye tiketi ni la aliyeandika, saa za A hazionekani popote. Anasema ni kama saa moja kwa siku, siku nyingine zaidi.

fundi_tiketi

Basi kila ukaguzi uwe tiketi ndogo yenye jina la A na makadirio yake. Kazi isiyo na tiketi haipo.

Bi_Mizani

Hapo sikubaliani nawe. Utaongeza tiketi 40 za robo saa kila sprinti, idadi ya A itapaa, na kesho bosi atasema tena apunguziwe. Mimi ningempunguzia muda: badala ya saa 6 kwa siku awe na 5, kama D alivyopunguziwa kwa zamu ya simu.

Sebene_la_Data

Ukimpunguzia muda, ukaguzi unakuwa hauonekani tena. Siku ukaguzi ukila saa 3, utajuaje? Mimi niko na Fundi kwenye hili, japo tiketi moja kwa sprinti nzima ingetosha, watu waandike saa humo.

Bi_Mizani

Tiketi moja kwa sprinti naweza kuishi nayo, ikiwa tu A ataandika. Wakaguzi wengi niliofanya nao kazi hawaandiki.

Mratibu_Sinza

Nimekwenda na saa 5 kwa A kwa sasa, tutaona. Nimekaa na bosi mchana, nikampelekea ile 311 kwa 286 kwanza. Hakubishana na hesabu, aliuliza tu kipi kitoke. Tumetoa ripoti za E za saa 16, na kazi ya F ya saa 18 ambayo mteja anaihitaji mwezi ujao. A kachukua moja ya F ya saa 9. E kachukua ya D ya saa 5, ambayo ataimaliza kabla ya likizo. Sasa A yuko asilimia 85, E 99, D 109, F 106. C nimemwacha kwenye 110, kwa sababu vile vipande vinne havigawanyiki kwa mtu ambaye hajui mfumo wa malipo.

Zile sita za D tumezikadiria pamoja kwa dakika 20 jioni hii. Tano ziko kati ya saa 2 na 5. Moja hatujui, mteja anasema riba inahesabiwa tofauti na kitabu chake, na D mwenyewe anasema inaweza kuwa saa 1 au siku 4.

Bi_Mizani

Hiyo moja usiiandikie wastani. Mpe D saa 4 za kuichunguza tu, ziwe ndizo makadirio yake, kisha ikadirie upya Jumatano. Na jedwali lote lirudie Jumatano hiyohiyo, kwa siku zilizobaki na saa zilizobaki. Likifanywa siku ya kwanza tu, kazi mpya za wateja wa D zinaanza kuingia tupu tena.

Afisa_Utumishi

Na msimamizi wa mradi wa pili wa F amesemaje?

Mratibu_Sinza

Hajajibu bado, mzee wangu. Nimemtumia orodha ya tiketi zote za F kama Sebene alivyoshauri. Huko ana tiketi 6, na nne kati yake hazina makadirio.